Nyigu aliyeingia kwenye kundi la nzi

Trei yangu ya kwanza ya kujifunzia ilikuwa na wadudu wanne waliochomwa pini, kila mmoja na namba yake. Namba 1 alikuwa na mistari myeusi na ya njano. Namba 2 naye alikuwa na mistari myeusi na ya njano. Namba 3 alikuwa mweusi, mgumu, anayeng'aa kama kifungo cha koti. Namba 4 alikuwa kitu bapa chenye nywele na miguu sita, nami nilimwogopa tangu mwanzo. Kazi ilikuwa kuwapeleka wote kwenye oda zao, yaani yale makundi makubwa ya wadudu, kwa kutumia ufunguo wa utambuzi. Nilimaliza kwa dakika kumi, nikajisifu, kisha nikaambiwa kwamba kati ya wanne nimepata mmoja.

Kila kosa nililofanya siku ile lilihusu mabawa. Baadaye niliwatazama wengine wakianza nikaona wanateleza palepale. Kwa hiyo sitaupitia ufunguo mzima hapa. Nitakaa kwenye maswali ya mabawa, kwa sababu ndiyo yanayokuja kwanza, na ukikosea hapo hatua zote zinazofuata zinazungumzia mdudu mwingine.

Kwa asiyewahi kuuona, ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa hatua zenye namba. Kila hatua ina kauli mbili zinazopingana, a na b. Unamtazama mdudu, unachagua kauli inayomfaa, nayo inakupeleka kwenye hatua nyingine au inakupa jina. Hiki ni kipande nilichojiandikia kwenye daftari, kifupi kuliko funguo kamili, lakini kinatosha kwa habari hii:

1a. Ana mabawa: nenda 2
1b. Hana mabawa, au ana vibawa vifupi tu: nenda 8
2a. Jozi moja ya mabawa: nenda 3
2b. Jozi mbili za mabawa: nenda 4
3a. Nyuma ya mabawa kuna virungu viwili vidogo: Diptera
3b. Hakuna virungu: rudi uhesabu mabawa upya
4a. Mabawa ya mbele ni magumu au kama ngozi, walau nusu yake: nenda 5
4b. Mabawa yote ni laini kama utando: nenda 7

Hatua ya 3b inachekesha, najua. Niliiandika baada ya siku ile.

Tuanze na namba 1. Nilimtazama kwa juu, bila lenzi. Niliona mabawa mawili membamba ya rangi ya kahawia, moja kila upande. Jozi moja, basi 2a. Hatua ya 3 iliuliza virungu. Sikujua virungu vinafananaje, nikaona kitu kidogo karibu na shina la bawa, nikasema ndivyo hivyo. Jibu: Diptera, oda ya nzi na mbu.

Alikuwa nyigu.

Mwalimu wangu hakuniambia nimekosea. Alinipa lenzi ya mkono inayokuza mara 10 na pini, akaniambia, "Mnyanyue bawa, umhesabu tena." Nyigu aliyekauka havumilii kunyanyuliwa bawa, linakatika. Ilibidi kwanza tumlainishe: kopo lenye mfuniko, karatasi ya shashi iliyolowa chini, kipande cha plastiki juu yake ili mdudu asiguse maji, na siku moja ya kusubiri. Ukimwacha siku nyingi zaidi anaota ukungu. Kesho yake viungo vilikuwa vimelegea, nikapitisha ncha ya pini chini ya bawa na kulivuta mbele polepole. Bawa moja likawa mawili.

Nyigu, kama nyuki, ana mabawa manne. La nyuma ni dogo zaidi, na kwenye ukingo wake wa mbele limepangwa safu ya vindoano vidogo sana. Vindoano hivyo hukamata mkunjo ulio kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la mbele, na mabawa hayo mawili yanapiga hewa kama moja. Nyuki wa asali ana vindoano kama 20 hivi kila upande. Kwa macho matupu unaona bawa moja, na hata kwa lenzi unaweza usione mshono kama hukuutafuta. Nyigu wa ukoo wa yule niliyekuwa naye anaongeza hila nyingine: akitulia huyakunja mabawa ya mbele kwa urefu, kama anayekunja shuka, na bawa la nyuma linafichika kabisa. Ndiyo maana yalionekana membamba.

Kosa hilo ningeweza kuligundua mwenyewe, bila mwalimu, kama ningefanya jambo moja: kurudi kwa mdudu baada ya kupata jina na kumlinganisha na maelezo ya oda hiyo. Nzi na nyigu hawatofautiani kwa mabawa tu. Nzi wengi wanene wana vipapasio vifupi mno, vipande vitatu na unywele mmoja uliochomoza pembeni, na midomo yao ni ya kufyonza au kulamba. Namba 1 alikuwa na vipapasio virefu vilivyopinda, nikahesabu vipande 12, idadi ya nyigu jike (dume ana 13). Na mdomoni alikuwa na taya mbili ngumu zinazokutana kutoka pande mbili kama koleo. Hakuna nzi wa namna hiyo. Jina lilikuwa limefika, lakini mdudu alikuwa analikataa waziwazi.

Namba 2 ndiye aliyenifanya nicheke. Kwake nilikuwa nimefanya kinyume. Kwa kuwa alikuwa na mistari ya njano na nyeusi, nilimwita nyuki moyoni kabla sijafungua ufunguo. Nilipofika hatua ya 2 sikuhesabu kitu, nikaandika 2b kwa sababu nyuki wana mabawa manne. Alikuwa nzi wa maua, mmoja wa nzi wengi waliovaa sare ya nyuki na nyigu ili ndege wawaogope. Ndege wanadanganyika, na mimi nilidanganyika. Macho yake yalikuwa makubwa kiasi cha kujaza karibu kichwa chote, vipapasio vyake vilikuwa vidogo kama vishungi, na nyuma ya kila bawa, pale ambapo bawa la pili lingekuwa, kulikuwa na kijiti chepesi chenye kichwa cha mviringo. Hicho ndicho kirungu.

Virungu hivyo vinastahili maneno zaidi, kwa kuwa anayevijua hapotei tena kwenye oda hii. Ni mabawa ya nyuma yaliyogeuka umbo. Nzi anaporuka, virungu vinapiga sambamba na mabawa, na mwili ukiinama au kuzunguka, mishipa ya fahamu kwenye mashina yake inahisi. Ukimkatia nzi virungu anashindwa kujisawazisha na kuanguka. Kwa anayeanza, nzi wa nyumbani ni mwalimu mbaya wa virungu kwa sababu amevifunika kwa vigamba vyeupe vilivyo kwenye shina la bawa. Lazima uvute bawa mbele na kutazama kwa ubavu. Tafuta badala yake yule mdudu anayefanana na mbu mkubwa mwenye miguu mirefu dhaifu inayokatika ovyo, anayegonga kuta usiku karibu na taa. Kwake virungu viko wazi kabisa, unaweza kuviona hata bila lenzi. Mtazame yeye kwanza, kisha mbu, halafu ndipo uende kwa nzi wa nyumbani. Baada ya hapo jicho linajua linachotafuta.

Na je, kila mwenye jozi moja ya mabawa ni Diptera? Hapana, na ndiyo maana ufunguo mzuri hauishii kwenye hesabu. Kuna wadudu wa oda ya Ephemeroptera, wale wanaotoka majini na kuishi muda mfupi sana wakishakuwa na mabawa, ambao baadhi yao wamebaki na mabawa ya mbele peke yake. Hawa wanajulikana kwa nyuzi ndefu mbili au tatu zinazotoka mwisho wa fumbatio. Dume la vidugamba, wale wadudu wanaoganda kwenye mashina ya mimea kama magamba, naye ana mabawa mawili tu, tena hana mdomo wa kulia. Ufunguo kamili una hatua za kuwatoa hawa. Cha kushika ni kwamba jozi moja ya mabawa pamoja na virungu ndiyo inayokupa nzi. Neno "na" ndani ya kauli linadai yote mawili. Neno "au" linaridhika na moja. Nimeona watu wakizisoma kauli kana kwamba maneno hayo mawili ni mapambo.

Namba 3, yule mweusi kama kifungo, ndiye pekee niliyepata. Hata hivyo nilimpata kwa bahati, kwa kuwa niliwahi kumwona mbawakawa. Mwenzangu aliyekaa meza ya pili aliandika 1b, hana mabawa, na simlaumu. Ukimtazama mbawakawa unaona mgongo, huoni mabawa. Lakini mgongo ule ndio mabawa: yale ya mbele yamekuwa magamba mawili magumu, yasiyo na mishipa, yanayokutana katikati kwa mstari ulionyooka kutoka karibu na shingo hadi mkiani. Chini yake, yamekunjwa kama mwavuli, ndiyo mabawa ya kurukia. Kwa hiyo swali la kwanza la ufunguo usilisome kama linauliza uwezo wa kuruka. Linauliza kama viungo vile vipo. Kuna mbawakawa ambao magamba yao yameungana kabisa na ya chini yamepotea, hawawezi kuruka hata ukiwatupa hewani, na bado wanahesabiwa upande wa wenye mabawa.

Mstari huo wa katikati ni kitu cha kuaminika, lakini ugeuze mdudu tumbo juu kabla ya kuandika Coleoptera, oda ya mbawakawa. Wapo wadudu wa oda ya Hemiptera, jamaa wa kunguni, wenye umbo la ngao, wagumu na wanaong'aa, ambao wanaoanza huwaita mbawakawa. Kwa juu, wengi wao wana pembetatu kubwa kati ya mashina ya mabawa, na nyuma ya pembetatu hiyo ncha laini za mabawa zinapandana. Nusu ya bawa ni kama ngozi, nusu ni utando. Wengine, hata hivyo, pembetatu yao imekua mpaka ikafunika fumbatio lote, na hapo mgongo mzima unakuwa ganda moja lisilo na mstari. Hakuna mstari, basi si mbawakawa. Ukimgeuza unapata ushahidi usiobishaniwa: badala ya taya, kuna mrija uliolala chini ya mwili, umeelekezwa nyuma katikati ya miguu. Hatua ya mdomo huwa inaogopwa na wanaoanza kwa sababu ni ndogo kuonekana, nao huiruka kwa kukisia. Mimi nikiwa na haki ya kuchagua hatua moja tu ya kufanya kwa lenzi, ningechagua hiyo.

Sasa tufike 1b, upande wa wasio na mabawa. Hapa ufunguo wowote wa oda unahema.

Sababu yake ni ya zamani. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, alipopanga wadudu katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kuainisha viumbe, aliwagawa katika oda saba na zote akazipa majina ya mabawa kwa Kigiriki. Diptera ni mabawa mawili. Coleoptera ni mabawa yenye ala. Lepidoptera, oda ya vipepeo na nondo, ni mabawa yenye vigamba. Hymenoptera, ya nyuki, nyigu na sisimizi, ni mabawa ya utando. Wasio na mabawa akawatia kapu moja, Aptera, na humo wakakutana chawa, viroboto, buibui na hata kaa. Majina yale sita ya wenye mabawa bado yanatumika, ingawa baadhi mipaka yake imebadilika. Kapu la Aptera limevunjwa. Kutokuwa na bawa si undugu. Kiroboto, chawa, sisimizi mfanyakazi na mchwa mfanyakazi walifika hapo kwa njia nne tofauti, na ufunguo unalazimika kuwatenganisha kwa vitu vingine: mwili umebanwa ubavuni au bapa, kiuno kipo au hakipo, mdomo unatafuna au unafyonza.

Kwa hiyo kabla hujakubali 1b, jiulize kama huyo mdudu amekomaa. Funguo hizi zimeandikwa kwa wadudu wazima. Panzi mchanga anafanana na mama yake kwa kila kitu isipokuwa mabawa, na mabawa yake ni vijani viwili vifupi mgongoni. Ukimpitisha kwenye ufunguo atakupa jina, tena kwa ujasiri, na linaweza kuwa la uongo. Kwa panzi kuna ishara nzuri: kwa mtoto aliyekaribia kukomaa, vijani vya nyuma ndivyo vinavyofunika vya mbele, kinyume na mkubwa, ambaye bawa la mbele daima liko juu. Kwa wadudu wengine ishara si nyepesi hivyo, na ukiona vibawa vifupi laini ni bora uandike "huenda hajakomaa" na kumweka pembeni.

Pia jiulize kama alikuwa na mabawa yakadondoka. Kumbikumbi akitua hukata mabawa yake yote manne kwenye mstari maalumu karibu na shina, na anabaki na vipande vinne vidogo vyenye ukingo ulionyooka. Malkia wa sisimizi naye huyakata. Ukiona vikato vile kwenye kidari, mpeleke 1a na uhesabu vikato badala ya mabawa.

Nilipoyajua hayo yote nilirudi kwa namba 4. Urefu wake ulikuwa milimita 5 au 6, bapa, wa kahawia, nywele fupi ngumu, fumbatio kama mfuko wa ngozi, miguu mizito yenye kucha mbili mbili zilizopinda. Kibandiko kilisema ametolewa kwenye sufu ya kondoo. Mabawa hakuna. Vikato hakuna. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika chawa bila kusita, kwani mdudu bapa asiye na mabawa kwenye manyoya ya mnyama atakuwa nini kingine?

Safari hii nilikwenda polepole, nikiandika njia kwa penseli ili niweze kurudi. 1b. Kisha 8, ambayo kwenye daftari langu inauliza kama mwili umebanwa ubavuni kama kiroboto au ni bapa kutoka juu. Bapa. Hatua iliyofuata iliuliza vipapasio: vinaonekana wazi vikiwa na vipande 3 hadi 5, au vimezama kwenye vishimo vya kichwa? Nilizungusha pini chini ya taa kwa muda mrefu. Chawa ana vipapasio vya kuonekana, walau yule anayefyonza damu. Huyu sikuona kitu, mpaka mwanga ulipoingia kwa ubavu nikaona vishimo viwili na ndani yake vipapasio vidogo kama punje. Halafu kucha: chawa anayefyonza damu ana kucha moja kubwa kila mguu, inayofunga kama ndoana kwenye unywele. Huyu alikuwa na mbili. Na mbele ya kichwa palikuwa na mrija mwembamba ulioshikwa kati ya vipande viwili virefu, kama kisu ndani ya ala.

Nilisoma kauli zote mbili hadi mwisho, mara mbili, kwa sababu sikuamini zinakonipeleka. Nilimwita mwalimu. Akamtazama, akatazama daftari, akauliza, "Umehesabu au umekisia?"

"Nimehesabu, Mwalimu."

"Basi andika."

Nikachukua kibandiko kipya nikaandika: namba 4, njia ya 1b, oda Diptera. Mabawa mawili.